Picha mbili za skrini, na ziara 1,930 zilizopotea

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Nina tovuti ya mapishi ya pwani, naiendesha nikiwa Tanga. Akaunti ya Google Analytics iko kwa mdogo wangu, na yeye hunitumia picha za skrini kwa WhatsApp. Wiki ya 24–30 Machi 2025 tulipata ziara 5,240. Wiki ya 31 Machi–6 Aprili, 3,310 tu. Alhamisi ya tarehe 3 Aprili nilibadilisha themu ya WordPress. Mdogo wangu anasema themu ndiyo imeua tovuti na niirudishe ya zamani haraka. Mimi nasema ni Ramadhani imekwisha. Nani yuko sahihi? Picha zote nimeambatisha. — Mpishi, Tanga

Jibu: Dada, samahani kwa kukukalisha siku tatu na kukuagiza picha juu ya picha. Ile niliyotaka zaidi ni ya tatu: wiki ileile ya 31 Machi–6 Aprili, ripoti ileile, ila ipigwe upya Alhamisi ya tarehe 10. Sasa iweke kando ya ile ya pili uzitazame pamoja. Tarehe ni zilezile, lakini ya pili inasema 3,310 na ya tatu inasema 3,560. Hakuna aliyerudi nyuma kuitembelea tovuti yako wiki iliyopita. Ziara hizo 250 zilikuwapo, ila mdogo wako alipiga picha kabla hazijaandikwa zote.

Kwa hiyo kabla ya kumtafuta aliyesababisha anguko, lipunguze anguko lenyewe. Hukupoteza ziara 1,930, umepoteza 1,680. Si asilimia 37, ni 32. Bado ni anguko kubwa, lakini ukianza na namba isiyokomaa utaishia kuzitafutia sababu ziara ambazo hazikupotea.

Zile 250 zilichelewa kwa njia mbili. Ya kwanza inawapata wote wanaotumia Google Analytics: namba za siku hazikamiliki siku inapokwisha. Huchukua saa 24 hadi 48 kuchakatwa, na katika muda huo ripoti huendelea kujazwa kimyakimya. Ukifungua ukurasa wenyewe kesho yake utaziona namba mpya, lakini picha ya skrini imeganda. Picha yako ya kwanza, ya wiki ya Ramadhani, ilipigwa Alhamisi ya tarehe 3 Aprili, siku nne baada ya wiki kwisha. Ya pili ilipigwa Jumatatu ya tarehe 7 saa 2 asubuhi, wiki ikiwa imekwisha usiku uliopita tu. Ni kama kulinganisha mkate uliotoka ndani ya tanuri na ule ambao bado unaumuka.

Njia ya pili ni ya akaunti yako mwenyewe, na niliishuku nilipoona jedwali la saa. Kwenye wiki ya Ramadhani, safu ya Hour inaonyesha watu wamejaa kuanzia 05 hadi 07. Nikajiuliza, nani anatafuta jinsi ya kupika kaimati kuanzia saa 11 alfajiri, daku imeshaliwa na mfungo umeanza? Mtu huyo hayupo. Ndipo nikakuomba umwambie mdogo wako afungue Admin, kisha Property details, asome panapoandikwa Reporting time zone. Jibu likaja: Los Angeles. Tangu Marekani waliposogeza saa zao mbele mwezi Machi, Los Angeles iko nyuma yetu kwa saa kumi. Saa 05 ya kule ni saa 9 alasiri ya Tanga, na 07 ni saa 11 jioni. Hapo sasa hadithi inaeleweka: mama yuko jikoni, simu imeegemezwa kwenye kopo la chumvi, futari imekaribia.

Hili la saa lina athari mbili kwenye picha zako. Kwanza, "Jumapili" ya ripoti yako huanza saa 4 asubuhi ya Jumapili na kwisha saa 4 asubuhi ya Jumatatu kwa saa zetu. Picha ilipopigwa Jumatatu saa 2 asubuhi, Los Angeles ilikuwa bado saa 4 usiku wa Jumapili. Siku ilikuwa na saa mbili ambazo hazijafika kabisa, mbali na zile ambazo hazijachakatwa. Ndiyo maana Jumapili ya tarehe 6 ina ziara 205 kwenye picha ya pili na 430 kwenye ya tatu. Ukiiona siku ya mwisho ya grafu imeporomoka peke yake namna hiyo, shuku saa kabla ya kushuku wasomaji.

Pili, na hili ni jepesi kulipita, Idi ilikuwa Jumatatu ya tarehe 31 Machi. Waliotafuta pilau na biriani asubuhi ya Idi, kabla ya saa 4, ripoti yako imewaandika Jumapili ya tarehe 30, yaani ndani ya wiki ya kwanza. Mpaka wa wiki zako mbili umepita katikati ya sikukuu. Si kosa la kukuharibia hesabu yote, lakini likumbuke tutakapofika kwenye pilau.

Usiibadilishe saa leo. Ukiibadilisha, namba za nyuma hazirekebishwi, zinabaki na saa za zamani, na siku ya mabadiliko yenyewe itatoka na bonde au kilima cha uongo. Ibadilishe ukishamaliza ulinganisho huu, na uandike tarehe ukutani.

Neno moja kuhusu grafu, kwa sababu uliniandikia kwamba "mistari inafanana kimo ila namba ni tofauti." Tazama namba zilizo pembeni mwa kila grafu. Kila picha imejipangia ngazi zake: ya kwanza inapanda hadi 800, ya pili hadi 700 na kitu. Mfumo huunyoosha mstari ujaze nafasi, kwa hiyo wiki mbovu na wiki nzuri zikipigwa picha mbalimbali hutoka na kimo kimoja. Macho yasilinganishe mistari ya picha mbili. Soma namba.

Namba za siku moja moja ndizo hizi, kutoka picha ya kwanza na ya tatu:

| Siku | 24–30 Machi | 31 Machi–6 Aprili |
|---|---|---|
| Jumatatu | 730 | 690 |
| Jumanne | 745 | 560 |
| Jumatano | 760 | 510 |
| Alhamisi | 770 | 480 |
| Ijumaa | 725 | 430 |
| Jumamosi | 760 | 460 |
| Jumapili | 750 | 430 |

Themu uliibadilisha Alhamisi. Mteremko ulianza Jumanne. Kufikia Jumatano jioni tovuti ilikuwa imeshashuka kutoka 760 za Jumatano iliyotangulia hadi 510, na themu ya zamani ikiwa bado hewani. Hapo mdogo wako amekwama: kitu cha Alhamisi hakiwezi kusababisha anguko la Jumanne.

Lakini nawe usishangilie bado. Jedwali hili linaiondolea themu lawama ya Jumanne na Jumatano peke yake. Kuanzia Alhamisi, mambo mawili yanaweza kuwa yanavuta kamba moja, na jumla ya siku haiwezi kukuambia nani anavuta kiasi gani.

Kuna jambo moja la themu tunaloweza kulifuta mapema. Watu wengi hubandika msimbo wa Google Analytics ndani ya faili za themu, na themu ikibadilishwa msimbo unaondoka nayo. Dalili yake haifichiki: namba haziteremki kwa hatua, zinakatika hadi karibu na sifuri, huku simu yako mwenyewe ikiifungua tovuti bila shida. Yako haikukatika. Kinyume chake ni msimbo kubandikwa mara mbili, mara moja kwenye themu na mara moja kwenye plagini. Hapo Views, yaani kurasa zilizofunguliwa, huruka karibu mara mbili huku Sessions, yaani ziara, zikibaki palepale. Kwako kila ziara ina kurasa moja na nusu wiki zote mbili. Kwa hiyo chombo cha kupimia ni kizima.

Sasa twende kwenye ripoti ya Traffic acquisition, inayogawa ziara kwa njia walizopitia watu:

| Njia | 24–30 Machi | 31 Machi–6 Aprili |
|---|---|---|
| Organic Search | 3,420 | 2,070 |
| Direct | 780 | 690 |
| Organic Social | 870 | 640 |
| Referral | 130 | 130 |
| Unassigned | 40 | 30 |

Katika ziara 1,680 zilizopungua, 1,350 ni za Organic Search, watu wanaotoka Google. Hizo ni nane katika kila kumi. Mitandao ya kijamii imepunguza 230. Direct imepunguza 90, na hapa nikutoe wasiwasi: Direct si watu wanaoandika anwani yako kwa mkono peke yao. Kiungo kinachotumwa kwenye kundi la WhatsApp mara nyingi huja bila alama ya kilikotoka, nacho huangukia humo. Mwezi wa mfungo makundi ya kina mama hutumiana mapishi ya futari kila siku, na Idi ikipita huacha. Sitazihangaikia hizo.

(Unassigned kwenye picha ya pili ilikuwa 65, ya tatu 30. Kapu hilo hufura namba zikiwa mbichi, kisha hupungua mfumo unapopata pa kuzipeleka. Nalo ni kipimo kizuri cha kujua kama picha ilipigwa mapema mno.)

Basi swali lako limekuwa dogo zaidi: kwa nini ziara 1,350 za kutoka Google zimekosekana? Mtu akiishia hapa atasema "Google imetushusha," na wengi huishia hapa. Bado hatujui. Google inaweza kukuletea watu wachache kwa sababu watu wenyewe hawatafuti tena kitu hicho, au kwa sababu wanakitafuta na wewe umeshuka kwenye orodha, au kwa sababu wanakuona palepale ulipokuwa ila wanambofya mwenzako. Dawa za mambo hayo matatu hazifanani hata kidogo.

Nilichofanya ni kuchukua ile orodha ndefu ya Landing page uliyotuma, yaani kurasa ambazo watu huingilia, nikabakiza waliotoka Organic Search, kisha nikagawa kurasa kwa mkono kwenye mafungu matatu, kama unavyopanga viungo mezani. Fungu la futari: kaimati, sambusa, katlesi, tambi za sukari, mihogo ya nazi, uji wa pilipili manga. Fungu la Idi: pilau na biriani. Fungu la mwaka mzima: chapati, mandazi, maharage ya nazi, mchuzi wa samaki, na mengine ambayo mtu hupika bila kutazama mwezi.

| Fungu | 24–30 Machi | 31 Machi–6 Aprili | Tofauti |
|---|---|---|---|
| Futari | 2,050 | 760 | −1,290 |
| Idi | 430 | 520 | +90 |
| Mwaka mzima | 940 | 790 | −150 |

Zile 90 za Idi zingekuwa nyingi zaidi kama wa asubuhi ya Idi wasingeandikwa wiki ya kwanza. Futari peke yake imepoteza 1,290. Hapo ndipo ulipo ushindi wako, na nimeuhakikisha kwa Google Search Console, ambayo nakushukuru ulinipa ruhusa ya kuifungua mwenyewe. Search Console inaonyesha kitu ambacho Analytics haina: Impressions, yaani mara ngapi ukurasa wako ulionekana kwenye matokeo ya Google hata kama hakuna aliyeubofya. Ukurasa wa kaimati ulionekana mara 7,800 wiki ya kwanza na mara 1,600 ya pili. Mahali pake kwa wastani palikuwa 4.1, pakawa 4.2. Hukushuka. Umebaki kwenye kigoda chako kilekile, ila wateja wamekwisha sokoni. Impressions zikianguka huku nafasi ikibaki, ni watafutaji waliopungua, na hakuna themu duniani inayoweza kuwaondolea watu hamu ya kaimati baada ya Idi.

Usijaribu tu kuzilinganisha ziara za Analytics na mibofyo ya Search Console moja kwa moja. Hazitakutana kamwe, kwa kuwa kila mmoja huhesabu kwa kanuni zake. Kinacholinganishwa ni mwelekeo. Kwako kuna bahati moja ya kuchekesha: Search Console nayo huhesabu siku kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani, kwa hiyo kosa la saa kwenye akaunti yako limefanya siku zake ziangukie pamoja na zile za Analytics.

Najua mdogo wako atasema, "Basi tulinganishe na mwaka jana." Wazo zuri, ila asibonyeze kile kitufe cha kipindi kama hiki mwaka uliopita. Kalenda ya Kiislamu hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka. Idi ya 2024 ilikuwa Jumatano ya tarehe 10 Aprili, kwa hiyo tarehe 31 Machi hadi 6 Aprili 2024 zilikuwa ndani ya mfungo. Kitufe kitailinganisha wiki ya baada ya Idi na wiki ya kaimati, na huenda akapata anguko la kutisha zaidi ya hili. Wiki inayofanana na yako kwa mwaka jana ni ile ya 10–16 Aprili 2024, na inayofanana na ya kwanza ni siku saba zilizoitangulia, 3–9 Aprili. Siku za wiki hazitapatana, Jumatatu itakaa na Jumatano, hilo livumilie. Search Console huhifadhi miezi 16, kwa hiyo bado zimo. Akikuta fungu la futari lilianguka kwa kiasi cha kukaribiana na sasa, atanyamaza mwenyewe.

Nije kwenye fungu la tatu, ambalo ni dogo na ndilo lililonichukua muda mrefu kuliko yote. Ziara 150 katika 940. Ukizitazama kwenye jumla kuu hazionekani, zaidi ya nusu yake imefunikwa na zile 90 za pilau na biriani. Lakini chapati na maharage havikupaswa kujua kwamba Ramadhani imekwisha. Nikaligawa fungu hilo kwa siku. Jumatatu hadi Jumatano: 400 wiki ya kwanza, 395 ya pili. Hakuna kitu. Alhamisi hadi Jumapili: 540, kisha 395. Karibu anguko lote la fungu hili limetokea kuanzia siku uliyobadilisha themu.

Utaniambia chapati huliwa na futari pia. Kweli, na mafungu yangu si safi kama ninavyotaka. Ndiyo sababu sikuishia kwenye Analytics. Kwa zile siku nne, Alhamisi hadi Jumapili, ukurasa wa chapati ulionekana Google mara 2,900 wiki ya kwanza na mara 2,850 ya pili. Watafutaji wapo. Nafasi ilikuwa 5.3, ikawa 5.4. Hukushuka. Lakini mibofyo ilikuwa 180, ikawa 118. Kati ya kila watu mia waliokuona, waliobofya walikuwa sita na kidogo, sasa ni wanne. Hii ni ile hali ya tatu: wanakuona palepale, wanambofya mwenzako.

Kitu gani hubadilika machoni mwa mtafutaji bila nafasi kubadilika? Sura ya kiungo chenyewe. Nikafungua sehemu ya Search appearance humo humo, nikaona matokeo yako ya aina ya mapishi, yale yanayotoka na picha na muda wa kupika, yameanza kupungua kuanzia Ijumaa ya tarehe 4. Kisha nikauingiza ukurasa wa chapati kwenye Rich Results Test, chombo cha Google cha kukagua data inayoleta sura hiyo, na haikupata Recipe yoyote, yaani data inayoiambia Google kwamba ukurasa ni wa mapishi. Themu yako ya zamani ilikuwa inaandika data hiyo kimya kimya ndani ya kila ukurasa wa mapishi. Mpya haiandiki. Kila Google inapopitia upya ukurasa mmoja, picha ya chapati inaondoka, na jirani yako mwenye picha anaonekana mtamu zaidi. Kurasa hazipitiwi zote siku moja, na hii ndiyo sababu pengo si kubwa bado. Litaendelea kupanuka.

Kwa hiyo mwambie mdogo wako ana haki ya karibu 150 katika 1,680, nawe ya zilizobaki. Lakini zako zitarudi zenyewe Ramadhani ijayo, na zake hazirudi mpaka mtu azifanyie kazi. Ningekuwa wewe ningemnunulia soda.

Usirudishe themu ya zamani. Kama ile mpya inakupendeza na inafunguka haraka kwenye simu, baki nayo, uongeze plagini ya mapishi inayoandika data hii, au umwambie fundi wako aiweke. Katika umbo lake dogo kabisa ni hivi:

```
<script type="application/ld+json">
{
  "@context": "https://schema.org",
  "@type": "Recipe",
  "name": "Chapati laini za maji",
  "image": "https://example.com/chapati.jpg",
  "totalTime": "PT1H"
}
</script>
```

Jina na picha ni lazima kwa Google, muda na mengine huongeza sura. Anza na kurasa kumi za mwaka mzima zenye watu wengi, futari isubiri. Kila ukurasa ukimaliza, upitishe tena kwenye Rich Results Test. Ikisoma Recipe bila alama nyekundu, nenda Search Console, ingiza anwani ya ukurasa kwenye kisanduku cha juu, ubonyeze Request indexing. Hata hivyo, Google haimwahidi mtu kwamba itaonyesha picha. Data hiyo ni ruhusa tu ya kuonyeshwa.

Kuhusu kupima kama imesaidia, usikimbilie wiki ijayo. Tarehe 18 Aprili ni Ijumaa Kuu na 20 ni Pasaka, tarehe 26 ni Muungano, kisha inakuja Mei Mosi. Zote ni siku za watu kupika tofauti. Chukua wiki ya 5–11 Mei, uilinganishe na 10–16 Februari, kabla watu hawajaanza kujiandaa na mfungo na themu ya zamani ikiwa hewani. Mdogo wako apige picha Jumatano ya tarehe 14 Mei au baada yake. Na akipiga, asikate kingo: jina la akaunti, tarehe za kulia juu, jina la ripoti na jina la kipimo vyote vionekane, na saa ya simu yake iliyo juu ya skrini pia, kwa sababu ndiyo iliyonionyesha kwamba picha ya pili ilipigwa saa 2 asubuhi. Afadhali zaidi awashe Compare kwenye kisanduku cha tarehe, wiki zote mbili zitoke kwenye picha moja na ngazi moja.

Kwenye picha hiyo jumla ya ziara usiitazame sana. Fungua ukurasa wa chapati kwenye Search Console, ugawe mibofyo kwa Impressions. Ikiwa imerudi kwenye sita katika mia, data imekubalika. Ikiwa bado ni nne na Rich Results Test inasoma Recipe vizuri, niandikie tena na picha ya matokeo yenyewe ya Google, ile anayoiona mtu akiandika "jinsi ya kupika chapati" kwenye simu, nione nani aliyekaa juu yako na amevaa nini.